Bili za nyumba ya kupanga: namna ya kuzigawa kwa haki na kumwandikia mwenzenu ambaye hajalipa

Nyumba nyingi za kupanga huku Mwanza, maeneo ya Nyegezi, Mkolani na Buhongwa, zina mita moja ya umeme na mita moja ya maji, lakini ndani wanaishi watu watatu au wanne ambao kila mmoja ana kipato chake na ratiba yake. Mwisho wa mwezi ujumbe unaingia kwenye grupu: "Jamani bili tayari, kila mtu 33,500." Wawili wanatuma, mmoja anasema kesho, na mmoja anaweka dole gumba kisha ananyamaza. Wiki inapita. Aliyenunua LUKU anaanza kununa, na yule wa dole gumba anaanza kurudi nyumbani usiku watu wakiwa wamelala.

Mara nyingi mtu wa namna hiyo hajagoma kulipa. Ana swali ambalo hajaliuliza: hiyo 33,500 imetoka wapi, na kwa nini nilipe sawa na mwenye friza wakati nusu ya mwezi sikuwepo? Kwa hiyo ujumbe wa kumdai unaanza kutengenezwa kwenye hesabu, kabla hujagusa simu. Hesabu ikiwa ya haki na inaonekana, maneno yenyewe huwa machache.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho, kwa majina ya kubuni. Nyumba iko Nyegezi, ina wapangaji wanne. Rehema ndiye anayeshika hesabu. Neema yupo nyumbani mwezi mzima na ndiye aliyelipia intaneti. Kulwa ana friza chumbani, anauza barafu na juisi. Masanja anafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, na katika mwezi wa Juni alikaa Ukerewe siku 12 akifuata mzigo. Masanja ndiye hajalipa.

Kusanya risiti zote kwanza

Umeme wa LUKU hulipwa kabla ya kutumika, maji hulipwa baada ya kutumika, na tofauti hiyo ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi. Deni la maji mnadaiwa na MWAUWASA, nyumba nzima. Deni la umeme halipo TANESCO hata kidogo, kwa sababu umeme usiolipiwa hauwaki. Kama taa imewaka mwezi mzima, maana yake kuna mtu ndani ya nyumba ametoa hela yake mfukoni, na asiyechangia anadaiwa na mtu huyo. Watu wengi hawalioni hili mpaka waandikiwe. "Bili ya umeme haijalipwa" ni sentensi isiyo na ukweli katika nyumba ya LUKU. Ukweli ni kwamba Rehema alinunua saa tatu usiku giza lilipoingia, na hajarudishiwa.

Basi fungua simu utafute SMS zote za muamala za mwezi huo, kila mtu atafute za kwake. Ujumbe wa LUKU haukupi namba za kuingiza kwenye mita tu. Unaonyesha pia uniti ulizopata na makato: VAT, REA asilimia 3, EWURA asilimia 1. Usiufute baada ya kuingiza namba. Kwa maji, tumia ujumbe wa bili unaoonyesha usomaji uliopita na wa sasa. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo uniti mlizotumia, na uniti moja ni lita 1,000. Kama bili imeruka ghafla, funga koki zote usiku mkiangalia kigurudumu kidogo kwenye mita. Kikizunguka na koki zimefungwa, kuna bomba linavuja, na hapo mtu wa kupigiwa kwanza ni mwenye nyumba, si Masanja.

Hizi ndizo risiti za Juni za nyumba yetu:

LUKU imenunuliwa mara tatu: Rehema 20,000, Kulwa 20,000, Rehema tena 15,000. Jumla 55,000.
Maji: Rehema amelipa 27,000.
Taka: Rehema amelipa 4,000.
Intaneti: Neema amelipa 48,000.

Jumla yote 134,000. Mtu mwenye haraka anagawa kwa nne na kupata 33,500. Tusiwe na haraka.

Ondoa kisicho chenu

Katika ile LUKU ya kwanza ya mwezi kuna kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo hukatwa kupitia LUKU, na kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa sasa ni 1,500 kwa mwezi. Mwezi ambao hamkununua umeme hausamehewi. Unajikusanya na kukatwa mtakaponunua, ndiyo maana wakati mwingine mtu anaingiza hela na kushangaa uniti zimekuwa chache.

Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Mpangaji anaitanguliza tu kwa sababu mita iko mikononi mwake. Kwa hiyo 1,500 inatoka kwenye hesabu ya wapangaji na kwenda kwenye hesabu ya baba mwenye nyumba. Kwa kodi ya pango ya miezi 6 hiyo ni 9,000, na njia rahisi ni kumwonyesha zile SMS siku ya kulipa pango na kumwomba aikate. Wengi wanakubali ukiwaendea kwa adabu na ushahidi mkononi. Wapo wanaokataa, na kwa 1,500 sishauri mtu agombane na mwenye nyumba. Hata hivyo mwezi ambao imekatwa, ionekane kwenye hesabu kama mstari wake peke yake, ili asiyelipa asije akasema mnamtoza kodi ya jengo.

Umeme halisi wa Juni basi ni 53,500, na gharama zote za kugawana ni 132,500.

Friza ipimwe

Hapa ndipo pa kukaa kwa utulivu, kwa sababu friza ndiyo inayovunja nyumba. Wasiokuwa nayo wanaamini inakula umeme wote. Mwenye nayo anaapa haili kitu. Wote wanakisia, na LUKU inawapa kipimo cha bure.

Chagua siku mbili za kawaida, siku ambazo hakuna mgeni wala nguo za kupigwa pasi. Siku ya kwanza, saa moja asubuhi, soma uniti zilizobaki kwenye mita, andika. Kesho yake saa ile ile, soma tena. Hapo umepata matumizi ya saa 24 friza ikiwa imewashwa. Siku ya pili fanya hivyo hivyo friza ikiwa imechomolewa. Mwombe Kulwa achague siku anayoyeyusha barafu ili asipate hasara. Usipime usiku peke yake, kwa sababu friza hufanya kazi zaidi mchana joto linapokuwa kali na mlango unafunguliwa kila mteja akija.

Tuseme siku ya kwanza zimeenda uniti 5.2, ya pili 3.9. Friza inakula uniti 1.3 kwa siku, sawa na 39 kwa mwezi wa siku 30. Kwa tarifu ya kawaida ya nyumbani, elfu kumi huleta uniti 28 hivi, kwa hiyo uniti moja ni kama shilingi 357. Mara 39, unapata karibu 14,000. Hiyo ni ya Kulwa peke yake, na kwa kuwa ni ya biashara hatakuwa na kinyongo. Anaiingiza kwenye bei ya juisi. Kipimo kikishafanyika mara moja kinatosha miezi mingi, mpaka aongeze friza nyingine.

Mtu aliyetoka kwenye chumba cha peke yake anaweza kubisha hapa: "Mimi nilikuwa natia elfu kumi, namaliza mwezi na zaidi." Anasema kweli. Mita ya matumizi madogo, isiyovuka uniti 75 kwa mwezi, inaweza kuwa kwenye tarifu ya bei nafuu, ambapo elfu kumi ile ile huleta uniti zaidi ya 70. Nyumba ya watu wanne yenye friza inatumia uniti 150, haimo kwenye tarifu hiyo. Mweleze hivyo tu, asidhani mnamwibia.

Vitu vidogo acheni. Mkianza kupima simu ya nani inachaji muda mrefu, mtapata hesabu sahihi na nyumba isiyokalika. Mimi naweka mstari kwenye kitu kinachowaka siku nzima au kinachochemsha: friza, jiko la umeme, hita ya maji ya kuoga. Feni, redio na taa ni za wote.

Hesabu siku za kuwepo, kwa umeme na maji tu

Baada ya kutoa friza, umeme wa kugawana ni 39,500. Maji ni 27,000. Hivi viwili vinategemea mtu kuwepo. Taka na intaneti havitegemei. Gari la taka halimpunguzii mtu aliyekuwa Ukerewe, na intaneti ni bei ile ile hata kama nyumba nzima imelala.

Juni ina siku 30. Rehema, Neema na Kulwa walikuwepo zote; Masanja 18. Jumlisha siku za watu wote: 30 + 30 + 30 + 18 = 108. Gawa kila bili kwa 108, kisha zidisha kwa siku za kila mtu.

Maji yanatoka vizuri: 27,000 gawa kwa 108 ni 250 kwa siku. Masanja 4,500, wengine 7,500 kila mmoja. Umeme unatoka na vipande: Masanja 6,583, wengine 10,972. Viringisha hadi kwenye mia tano iliyo karibu, Masanja 6,500 na wengine 11,000, na ukijumlisha unarudi kwenye 39,500 ile ile. Jumlisha kila mara baada ya kuviringisha, maana shilingi 300 isiyoonekana ilipokwenda inaweza kuharibu imani kuliko deni lenyewe.

Wekeni na mpaka: kutokuwepo chini ya siku 7 hakuhesabiwi. Bila mpaka huo, kila anayelala kwa shangazi yake Igoma Ijumaa atakuja na madai yake Jumatatu. Na mgeni anayekaa zaidi ya siku 7 ahesabiwe kwa mwenyeji wake, kwa kipimo hicho hicho. Yaani kama mdogo wake Neema angekuja siku 10, Neema angeandikiwa siku 40.

Intaneti 48,000 kwa nne ni 12,000. Taka 4,000 kwa nne ni 1,000. Mafungu sasa ni haya: Rehema 31,500, Neema 31,500, Kulwa 45,500, Masanja 24,000. Jumla 132,500, imekamilika.

Panga nani amtumie nani

Bado hamjajua nani anadaiwa, kwa sababu kila mtu ameshatoa kiasi tofauti. Chukua alichotoa mtu, ondoa fungu lake. Neema ametoa 48,000, fungu lake 31,500, anapaswa kurudishiwa 16,500. Rehema ametoa 66,000, fungu lake 31,500, anadai 34,500. Katika hiyo, 1,500 ni ya mwenye nyumba, hivyo kwa wenzake anadai 33,000. Kulwa ametoa 20,000 na fungu lake ni 45,500, anadaiwa 25,500. Masanja hajatoa kitu, anadaiwa 24,000. Wanaodai wanadai 49,500, wanaodaiwa wanadaiwa 49,500. Ziko sawa.

Hela hizi zinaweza kuzunguka kwa njia zaidi ya moja, na uchaguzi una maana. Masanja angeweza kumtumia Neema 16,500 na Rehema 7,500. Hesabu ingefunga, lakini mtu mzito kutoa akipewa miamala miwili atatuma mmoja na kujiona ameshalipa, na makato ya kutuma atakatwa mara mbili. Mpe yeye muamala mmoja kwa mtu mmoja: 24,000 kwa Rehema. Mizunguko mpe Kulwa ambaye halembi: 16,500 kwa Neema na 9,000 kwa Rehema.

Kuna na lile la "weka na ya kutolea". Ukidai 24,000 pamoja na ya kutolea, umeongeza kigingi kwa mtu ambaye tayari anasita. Rehema atanunua LUKU ya Julai kutoka kwenye simu hiyo hiyo bila kwenda kwa wakala, kwa hiyo haihitaji. Iache.

Ujumbe wa grupu

Huu unaandikwa mara moja, kwa wote, kabla mtu yeyote hajachelewa. Kazi yake ni kuweka hesabu mezani. Hautaji nani mbaya, kwa kuwa siku hiyo hakuna mbaya.

> Habari zenu ndugu zangu. Bili za Juni hizi hapa, risiti nimeziweka chini.
>
> Umeme 55,000. Kodi ya jengo 1,500 nimeitoa, nitaidai kwa baba mwenye nyumba. Imebaki 53,500. Friza ya Kulwa 14,000 kama tulivyopima. Inayogawanywa 39,500.
> Maji 27,000. Taka 4,000. Intaneti 48,000.
>
> Masanja alikuwa visiwani siku 12, nimempunguzia umeme na maji. Taka na intaneti tumegawana sawa.
>
> Mafungu: Rehema 31,500. Neema 31,500. Kulwa 45,500. Masanja 24,000.
>
> Nani amtumie nani, baada ya kutoa tulizokwisha kulipa:
> Kulwa: 16,500 kwa Neema, 9,000 kwa Rehema.
> Masanja: 24,000 kwa Rehema.
>
> Naomba tumalize hadi tarehe 7. Mwenye swali kwenye mstari wowote aulize leo au kesho. Mkituma kwangu, jina litakuja la dada yangu, msishtuke, laini aliisajili yeye.

Ule mstari wa jina uweke kila mara kama laini yako imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Mtu anaona jina geni, anasitisha muamala, anasema nitakuuliza, na hapo siku tatu zimekwenda.

Fungu la kila mtu na risiti zake viwe kwenye ujumbe mmoja. Ukiandika fungu leo na risiti kesho, kuna atakayesoma la leo tu.

Ujumbe wa pembeni

Tarehe 7 imepita. Kulwa ametuma. Masanja ameweka dole gumba. Kishawishi kikubwa hapa ni kuandika kwenye grupu, "Kuna watu humu wanatumia umeme wa wenzao na wanajijua," au kupiga kijembe kwenye status. Kijembe kinaudhi wasiohusika, na anayehusika kinampa njia ya kutokea: hakutajwa, kwa hiyo halazimiki kujibu. Halafu kinampa na malalamiko ya kwake. Kesho mtakuwa mnajadili ulivyomdhalilisha, si elfu 24.

Subiri siku mbili tatu, kisha mwandikie pembeni. Aandike yule anayedai, si msemaji wa nyumba. Usitume usiku wa manane, wala asubuhi ya mnada wakati yuko kwenye mzigo pale Mwaloni. Jioni akiwa amekaa ni wakati mzuri. Ujumbe uwe na salamu, kiasi, kilichozingatiwa kwa upande wake, hela ilitoka kwa nani, siku ya kulipa, na nafasi ya kusema kama hana. Kwa mfano:

> Kaka Masanja, habari za Mwaloni? Pole na mihangaiko.
> Naomba tumalizane na bili za Juni. Upande wako ni 24,000: umeme 6,500, maji 4,500, intaneti 12,000, taka 1,000. Zile siku 12 za Ukerewe nimeziondoa kwenye umeme na maji.
> Hii hela niliitanguliza mimi kwenye LUKU na maji, na ndiyo nategemea kununulia umeme wa mwezi huu.
> Naomba unitumie kwenye namba hii hadi Jumamosi tarehe 12. Kama yote haitawezekana, niambie utaanza na ngapi na nyingine lini, ili nijipange.
> Ukiona pana kosa kwenye hesabu, niambie mstari gani tuuangalie pamoja. Asante kaka.

Tazama mambo mawili humo. La kwanza, fungu lake limevunjwa vipande vinne ingawa lilishakuwa kwenye grupu. Mtu anayedaiwa hapandi juu kutafuta ujumbe wa wiki iliyopita, na vipande vidogo humfanya aone kwamba hakuna kilichofichwa. La pili, sababu ya kutaka hela imetajwa bila kuomba huruma: ndiyo ya LUKU ya mwezi huu. Hayo mengine, kama "wenzako wote wamelipa" au "mimi nimechoka", yaache. La kwanza analijua tayari kutoka kwenye grupu, la pili linamfanya ajibu hasira yako badala ya deni.

Usiandike pia "ukipata nafasi" wala "ukiwa vizuri". Kiswahili chetu kina upole mwingi, na upole wa namna hiyo humaanisha hakuna tarehe. Weka upole kwenye salamu na kwenye "naomba", kisha tarehe na kiasi viseme vyenyewe.

Akijibu

Akisema hesabu si sawa, usitetee hesabu nzima, muulize mstari. Pengine atasema hata intaneti hakuitumia siku hizo 12. Jibu ni fupi: bei ya intaneti haipungui mtu akisafiri, ndiyo maana hata Neema akienda likizo atalipa. Na kama ana haki, mathalani siku zilikuwa 14 na ana tiketi ya meli, rekebisha hapo hapo na uwaambie wengine.

Akisema hana, sikiliza sababu kwa makini, maana kwa mtu wa dagaa inaweza kuwa kweli kabisa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukijaa taa hazivuti samaki, mitumbwi inapaki ufukweni. Wiki ya mbalamwezi biashara ya Mwaloni inalala na wenye mtaji mdogo wanakaa bila hela. Giza likirudi, hela inarudi. Ukimbana Masanja atoe yote mbalamwezi ikiwa juu, utapata ahadi ya uongo. Mpangie afuate giza: 10,000 Jumamosi hii, 14,000 tarehe 26. Kwa mwalimu, tarehe ingefuata mshahara. Kwa bodaboda, ningemwambia atume 4,000 kila siku kwa siku sita na kuisahau.

Makubaliano yakifikiwa kwa simu au mlangoni, yaandike mara moja: "Asante kaka. Kwa hiyo tumekubaliana 10,000 Jumamosi na 14,000 tarehe 26." Mwache ajibu "sawa". Huo ndio mkataba wenu.

Akinyamaza

Tarehe 12 ikipita kimya, usitume ujumbe wa pili wenye maneno yale yale. Mgongee mlango, peke yako, bila wenzako nyuma yako. Watu wengi wanaokimbia ujumbe hawawezi kukimbia mtu aliyesimama mbele yao akisema, "Kaka, ile elfu 24, tunafanyaje?" Kisha nyamaza, mwache ajaze kimya hicho yeye.

Ikishindikana, hapo tu ndipo grupu linahusika, na kwa mstari mkavu: "Bili za Juni: Kulwa amemaliza. Masanja amebakiza 24,000 kwa Rehema. Tukae Jumapili jioni tuone LUKU ya Julai tunanunuaje." Hakuna kivumishi hata kimoja humo. Kinachojadiliwa Jumapili ni utaratibu wa mbele: kuanzia sasa kila mtu anatanguliza 10,000 ya umeme ifikapo tarehe 1, na anayebaki nyuma hela yake ya kwanza kuingia inakwenda kwenye deni la zamani.

Kuna vitu vya kutofanya hata kama mmekasirika. Msizime swichi ya chumba chake, msimfungie choo, msishike godoro wala mzigo wake wa dagaa. Mkishika mali ya mtu, ninyi ndio mtakaoitwa kwa mwenyekiti wa mtaa, na deni la elfu 24 litakuwa limesahaulika. Kwenda serikali ya mtaa kunafaa deni likiwa kubwa, la miezi kadhaa au la pango, na siku hiyo mtabeba ujumbe wa grupu, ujumbe wa pembeni na ile "sawa" yake. Kwa mwezi mmoja, msifike huko.

Hela ikiingia

Jibu siku hiyo hiyo, pembeni: "Imeingia 10,000 kaka, asante. Imebaki 14,000 tarehe 26." Ya pili ikiingia, andika "Imeingia 14,000, Juni tumemalizana," kisha kwenye grupu weka neno moja, "Juni imefungwa," bila kutaja nani alichelewa. Tarehe 1 inayofuata soma mita zote mbili, piga picha, na muulize Masanja giza hili anakwenda Ukerewe siku ngapi, ili siku zake ziandikwe kabla hajapanda meli.